Saa kumi ya nani? Namna ya kumwarifu mteja siku ya ziara ya nyumbani

Chukua ujumbe huu mfupi wa simu: "Nitakuja Alhamisi saa 10 kupima presha." Unatumwa kwa nyanya anayeishi upande wa chini wa barabara ya Kisii kwenda Sotik, dakika chache kwa miguu kutoka mjini Keroka. Nyanya hasomi esemesi. Mjukuu wake wa sekondari anamsomea, na kwa mjukuu saa 10 ni ile inayoonekana kwenye uso wa simu, yaani saa nne asubuhi. Jirani aliyepita kuchukua moto anasema hapana, saa kumi ni saa kumi, jua likielekea kuzama. Alhamisi inafika. Nyanya anakaa nyumbani asubuhi nzima, chai yake haijachunwa. Saa nane mchana anachoka kungoja na kushuka shambani. Mhudumu anabisha hodi saa kumi jioni, mvua ikianza, na anayemjibu ni mbwa.

Hapo hakuna aliyekosa adabu. Kosa limo ndani ya tarakimu moja. Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo, simu huhesabu kuanzia usiku wa manane, na mtu akiandika "saa 10" bila neno jingine amempa msomaji saa mbili za kuchagua. Dawa yake ni rahisi: saa iandikwe kwa maneno, ifuatwe na sehemu ya siku, kisha itajwe na saa ya simu. "Saa nne asubuhi, yaani 10:00." Maneno matatu zaidi, na safari ya bure imeepukwa.

Ziara nyingi zinazoharibika huharibikia hapo, kwenye taarifa, kabla mhudumu hajafunga kamba za viatu. Tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipozindua vifaa vya wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mhudumu wa kijijini amekuwa na mkoba wenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani na simu ya kuandikia taarifa. Anatarajiwa kuhudumia kaya kama mia moja. Kaya mia kwenye vilima vya Gusii si jambo la kupitia njiani ukienda sokoni. Ndiyo maana lile neno "nitapita", ambalo mhudumu hulitamka kwa upole asionekane anaamuru, lina hasara kubwa. Anayeambiwa "nitapita wiki hii" hajaambiwa kitu. Hawezi kuacha kuchuna chai siku tano akimngoja mtu mmoja.

Siku yenyewe ina mitego yake. "Alhamisi ijayo" ikisemwa Jumatatu, wapo watakaoelewa Alhamisi ya wiki hiyo na wapo watakaoelewa ya wiki ya pili. "Kesho kutwa" inafaa ikitamkwa ana kwa ana, lakini ujumbe uliotumwa usiku ukasomwa asubuhi yake umeshasogeza siku moja mbele. Kwa hiyo siku itajwe pamoja na tarehe yake, kila mara: "Alhamisi tarehe 13." Mtu akikosea moja, ile nyingine itamsahihisha. Na kama mhudumu mwenyewe amekosea, akaandika Alhamisi tarehe 14, mteja atapiga simu kuuliza. Kwa ujumbe wenye siku peke yake, hakuna ambaye angegundua.

Kisha kuna kalenda ya mahali. Keroka na vijiji vinavyoizunguka vina Waadventista wengi, na kwao Sabato huanza Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua. Jumamosi haifai. Ijumaa alasiri nayo ni ya kufua, kupika na kuoga. Siku ya soko inawatoa akina mama nyumbani tangu alfajiri. Siku za kuchuna chai hutofautiana boma kwa boma, na mchumaji huanza mapema ili majani yafike kwenye kituo cha kuuzia kabla lori halijaondoka. Alasiri, katika miezi ya mvua, mawingu hufunga na njia ya udongo mwekundu inateleza kama sabuni. Ukijumlisha hayo yote, unabaki na nafasi nyembamba, na hakuna anayeijua vizuri kuliko mwenye boma. Mhudumu mwenye uzoefu hatangazi siku. Anapendekeza mbili na kuuliza: "Omong'ina, Jumatano asubuhi na Alhamisi asubuhi, ipi hamchuni?" Siku iliyochaguliwa na mwenye nyumba hukumbukwa na mwenye nyumba.

Keroka ina jambo jingine ambalo miji mingi haina. Mji huu umekaa juu ya mpaka. Upande mmoja ni kaunti ya Kisii, upande mwingine kaunti ya Nyamira, na mabishano kuhusu nani atoze ushuru sokoni yamekuwapo tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Kwa mgonjwa, mpaka huo una maana ya kawaida kabisa: mhudumu wa afya ya jamii amepangiwa kijiji na kuunganishwa na kituo fulani cha afya, na kijiji hicho kiko katika kaunti moja. Mama anaweza kuishi Nyamira, akahudhuria kliniki Kisii, na akaenda kujifungulia kwa mamake mzazi ng'ambo ya barabara. Mhudumu wake atakuja kwenye nyumba yenye kufuli. Basi taarifa ya ziara inapaswa kuwa na swali ndani yake: "Siku hiyo utakuwa hapa au kwenu?" Akisema kwao, mhudumu huwasiliana na mwenzake wa upande ule mapema, na mama anapewa jina na nambari ya atakayefika. Pia mhudumu ataje anatoka kituo gani. "Ni mimi, wa afya" haimsaidii mtu mwenye kaunti mbili mlangoni.

Tukija kwenye maandalizi, hapa ndipo ukarimu wa Mkisii unapogongana na mashine ya presha.

Mgeni akitangazwa, chai huwekwa jikoni. Mhudumu anafika, anakaribishwa, anamiminiwa kikombe kilichojaa, na mwenye nyumba, ambaye ndiye mgonjwa, anakunywa naye kwa sababu kumwacha mgeni anywe peke yake si heshima. Wanazungumza kuhusu bei ya majani, wanacheka. Kisha mkono unavalishwa mkanda na mashine inaanza kunguruma huku mazungumzo yakiendelea. Nambari inayotokea inaweza kuwa ya juu kuliko presha halisi ya mtu huyo. Chai ina kafeini, na kafeini hupandisha presha kwa muda. Kuongea wakati wa kupimwa kunapandisha. Kubana mkojo kunapandisha. Kutoka shambani sasa hivi, kikapu cha chai kikiwa kimetoka mgongoni na kilima kimepandwa kwa haraka ili mgeni asingoje, kunapandisha pia. Mtu mwenye presha ya wastani anaweza kuvuka 140 kwa 90 kwa sababu hizo, akapewa barua ya kwenda hospitali na kukosa usingizi usiku kucha.

Kwa hiyo mteja wa presha anahitaji kuambiwa mambo machache, na aambiwe siku iliyotangulia, maana mlangoni chai imeshanywewa. Nusu saa kabla ya mgeni kufika asinywe chai wala kahawa, asivute sigara wala kunusa ugoro. Awe amerudi kutoka shambani na kukaa. Aende haja ndogo. Avae nguo ambayo mkono wake unapanda bila kubana, kwa sababu sweta nzito iliyokunjwa hadi juu ya kiwiko ni kama kamba iliyofungwa mkononi. Mhudumu akifika, mgonjwa akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Chai itakuja baadaye, na itakuwa tamu vilevile. Mhudumu anaweza kusema waziwazi: "Mama, chai nitakunywa, lakini tupime kwanza." Hakuna anayekasirikia sentensi hiyo.

Jambo moja hukosewa sana: dawa. Mgonjwa anayesikia kuwa atapimwa kesho hudhani anatakiwa aache vidonge ili "presha ionekane ilivyo". Wengine hufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Aambiwe kinyume: meza dawa zako kama kawaida, na pakiti zote ziwekwe pamoja, hata zile za kienyeji na zile alizonunua kwenye duka la dawa mjini. Pakiti tupu pia zina kazi, kwani humwonyesha mhudumu dawa ziliisha lini.

Kipimo cha sukari kina masharti yake. Kama mhudumu anataka sukari ya kabla ya kula, mteja anatakiwa asile wala kunywa chochote ila maji kwa saa nane au zaidi, na hiyo inawezekana tu ziara ikiwa ya asubuhi mapema. Kumwambia mtu "usile" kisha ukafika saa sita mchana ni kosa kubwa kuliko kutokwenda kabisa. Mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifungishwe na mhudumu wa kijijini. Huyo afuate maagizo ya kliniki yake, na apimwe akiwa amekula, saa ya mwisho aliyokula iandikwe kando ya nambari. Na ikiwa mhudumu amechelewa, kuwe na neno la kumfungua mteja: "Ikifika saa mbili asubuhi sijafika, kula. Tutapima siku nyingine."

Halafu kuna ndizi. Keroka ni nchi ya ndizi, na mtu aliyemenya ndizi mbivu au kutafuna muwa huacha sukari kwenye vidole. Tone la damu likipita juu ya sukari hiyo, kipimo husoma zote mbili. Nambari inaweza kupanda sana kwa mtu ambaye damu yake haina tatizo lolote, na kupangusa kwa pamba yenye spiriti si mbadala wa kunawa. Maji, sabuni na kitambaa kikavu viwe tayari kwenye meza. Mhudumu anayepata nambari ya kushangaza amwombe mteja anawe na kukausha vidole, kisha apime tena kidole kingine kabla ya kutamka lolote.

Si kila ziara ni ya vipimo. Nyingine ni ya kuandikisha kaya katika mfumo wa simu unaojulikana kama eCHIS, na hiyo ndiyo inayowaogofya watu, hasa wazee wanaomkumbuka bwana afya wa zamani aliyekuja kukagua vyoo na kuacha onyo. Mhudumu akiuliza kuhusu choo, maji ya kunywa na mahali pa kunawa mikono, mzee huona kesi inakuja. Matokeo yake ni aina mbili: boma linalofagiliwa hadi kwenye mfereji, kibuyu chirizi kikaninginizwa jana yake na kuondolewa kesho yake, au boma lisilokuwa na mtu siku hiyo. Taarifa ikitamka mapema kwamba si ukaguzi, kwamba hakuna faini wala malipo yoyote, na kwamba nyumba ikutwe ilivyo, majibu yatakuwa ya kweli zaidi.

Kwa ziara hiyo, swali kubwa ni nani awepo. Boma la watu tisa haliwezi kuandikishwa na kijana wa miaka kumi na mitatu aliyeachwa kulinda kuku. Anatakiwa mtu mzima anayejua majina kamili na miaka ya kuzaliwa ya wote wanaolala hapo, na mara nyingi huyo ni mama wa nyumba au nyanya kuliko omogaka. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vitabu vya kliniki vya watoto viwekwe mfuko mmoja usiku uliotangulia, kwa sababu kutafuta cheti cha kuzaliwa chini ya godoro huku mgeni ameketi huchukua nusu saa na kuishia na "nitakutafutia". Kama kuna anayetaka kusaidiwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, simu yake iwe na chaji na kitambulisho kiwe mkononi, maana usajili hupitia *147#. Nambari ya siri ya M-Pesa haihitajiki mahali popote katika kazi hiyo. Mwenye kuiomba si mhudumu, hata akivaa jaketi.

Mengi ya hayo hayaingii kwenye esemesi, na mengine hayapaswi kuingia. Katika maboma mengi simu moja husomwa na watu watatu. Ujumbe unaosema "weka tayari dawa zako za TB" au "kuhusu mimba yako" umemfikia mume, mkwe na mtoto kabla haujamfikia mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini hata bila sheria, mhudumu anayeishi kijiji kimoja na wateja wake anajua habari kama hiyo inavyosafiri hadi kisimani. Kazi igawanywe: mdomo ubebe nini, simu ibebe lini. Maandalizi huelezwa ana kwa ana ziara inapoisha, wakati mtu yuko peke yake. Ujumbe wa baadaye hutaja siku, saa na "yale tuliyozungumza". Siku ya kwanza kabisa mhudumu aulize mambo mawili: nambari hii inashikwa na nani, na nikikuandikia nijiite nani? Wapo wanaotaka aandike kama rafiki wa chama. Ni haki yao.

Matangazo ya kanisani na kwenye mkutano wa mzee wa kijiji yanafaa kwa jambo la wote, kama kuandikisha kaya kijiji kizima. Kwa ziara ya mtu mmoja hayafai hata kidogo. Kumtuma mtoto wa shule na karatasi kunafaa ikiwa karatasi ina tarehe tu.

Ufupi wa ujumbe si upungufu. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010 uliwatumia wagonjwa waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi neno moja kila wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya siku mbili. Asiyejibu, au aliyejibu "Shida", alipigiwa simu na muuguzi. Waliotumiwa ujumbe walizingatia dawa kuliko wenzao: asilimia 62 dhidi ya 50. Neno lenyewe halikutaja ugonjwa wowote. Na mgonjwa alipewa jibu la pili, ambalo ndilo lenye thamani. Watu wa kwetu ni wapole, na ukiwaambia "nitakuja Alhamisi" watasema "sawa" hata kama Alhamisi kuna mazishi ya jirani. Ujumbe wa ziara ukimalizika kwa "Jibu SAWA, au SHIDA kama siku haifai," unampa mtu ruhusa ya kukataa bila kuonekana mkorofi.

Ana kwa ana, "sawa" inapimwa kwa njia nyingine. Usiulize "umeelewa?" kwa sababu jibu lake ni ndiyo daima. Mwombe akueleze: "Nikija Alhamisi nitakuta umefanya nini, na chai utakuwa umekunywa saa ngapi?" Akicheka na kusema chai hakuna mpaka nipimwe, ameelewa.

Sasa tutembee na boma moja la mfano mwanzo hadi mwisho. Mama amejifungua hospitalini Jumanne tarehe 4 Agosti 2026, akaruhusiwa kurudi nyumbani Jumatano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kuzaliwa, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Kwa mtoto aliyezaliwa Jumanne mchana, dirisha la kwanza linafunguka Alhamisi mchana na kufungwa Ijumaa mchana. Boma hili ni la Waadventista, kwa hiyo Ijumaa alasiri imeshaondoka yenyewe. Alhamisi mchana mawingu huwa yameshuka. Imebaki Ijumaa asubuhi, na hapo hapana nafasi ya "nitapita".

Jumatano jioni mhudumu anapiga simu. Haandiki, kwa kuwa mama aliyejifungua jana simu yake imeshikwa na mkwewe. Anamsalimu mkwe kwanza, kwa Ekegusii, anampongeza kwa mjukuu, kisha anasema jambo lake: "Mama, nitakuja Ijumaa kesho kutwa, tarehe 7, saa tatu asubuhi. Ningependa wewe na mzazi muwepo wote wawili." Kumtaja mkwe si mapambo. Ndiye atakayemwogesha mtoto, na kama kuna kitu kinachotaka kupakwa kwenye kitovu, ndiye atakayekipaka. Ziara inayomkuta mzazi peke yake hurudi na ahadi ambazo mwenye nyumba hakuzisikia.

Maandalizi anayowaomba ni machache. Kitabu cha Mama na Mtoto kiwe mezani, pamoja na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Mtoto asiogeshwe kwa ajili ya mgeni. Mtoto wa siku tatu akiogeshwa asubuhi ya baridi ya nyanda za juu kisha akavuliwa nguo apimwe uzani, anapoteza joto mara mbili. Kitovu kiachwe kikavu, bila kitu juu yake, hata kama bibi wa jirani ana dawa. Chumba cha kupimia kiwe na joto, mlango umefungwa, taulo kavu karibu, na mbwa afungwe. Mama asiache kunyonyesha ili "mhudumu aone". Kinyume chake, mhudumu angependa amkute akinyonyesha, aone mtoto anavyoshika titi. Kupumua tu ndiko huhesabiwa mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, kwa dakika nzima.

Kabla ya kukata simu anaongeza sentensi ambayo haifai kukosa katika taarifa yoyote ya tarehe: wasiingoje Ijumaa kama kuna hatari. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi asivyokuwa, akipumua haraka au kifua kikibonyea, akishikwa na degedege, kitovu kikitoa usaha au kikinuka, waende hospitali usiku huohuo. Mama akivuja damu nyingi, akiwa na homa, au kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, vilevile. Tarehe iliyotangazwa bila onyo hili hugeuka sababu ya kungoja. Watu huvumilia hadi siku ya mgeni kwa sababu waliambiwa mgeni anakuja.

Alhamisi jioni ujumbe unatumwa, mfupi:

"Habari ya jioni mama. Ni wa afya, kutoka kituo chetu. Kesho Ijumaa tarehe 7, saa tatu asubuhi (9:00), kwa yale tuliyozungumza. Hakuna malipo. Jibu SAWA au SHIDA."

Jibu linaweza kuja "SHIDA": mkwe ameitwa kwenye kilio. Mhudumu anapiga simu na kusogeza saa, si siku: saa moja na nusu asubuhi, kabla mkwe hajaondoka. Dirisha bado ni lilelile.

Na akifika akute mlango umefungwa? Aandike kilichotokea. Kuandika "imefanyika" ili kazi itoke kwenye orodha ya simu kunamficha mtoto huyo machoni pa msimamizi, ambaye ndiye angeweza kumtuma mwingine siku hiyohiyo. Ambakishie jirani karatasi yenye siku na saa mpya, bila sababu ya ziara, kisha apige simu kabla hajafika barabarani.

Ijumaa ikienda vizuri, kazi ya mwisho kabla ya kuaga ni kutangaza ziara inayofuata, mama akiwa na kalamu mkononi. Siku ya saba ni Jumanne tarehe 11 Agosti, na inafaa kwa kuwa bado wako nyumbani. Aiandike mwenyewe kwenye ukurasa wa nyuma wa kitabu cha kliniki, kwa mwandiko wake, kisha aisome kwa sauti mkwe asikie. Chini yake aandike tarehe nyingine, ambayo watu wengi huichanganya na ziara za nyumbani: wiki sita zinatimia Jumanne tarehe 15 Septemba. Siku hiyo hakuna wa kumngoja mlangoni. Chanjo ya wiki ya sita hutolewa kituoni, na anayesafiri ni mama na mtoto.